Mwenye hisa kwenye taarifa ya msajili si lazima awe mwenye kampuni

"Nikilipia taarifa kwa msajili wa makampuni na kuona jina la mwenye hisa, si nimeshampata mwenye kampuni?"

Hapo umepata ngazi ya kwanza tu. Chukua mfano wa kiwanda kilichopo Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Taarifa inaonyesha asilimia 60 ya hisa zake ni za kampuni ya Mauritius, na kampuni hiyo nayo inamilikiwa kwa asilimia 60 na kampuni ya Uholanzi. Ukizidisha, Mholanzi ana asilimia 36 ya faida ya kiwanda. Wengi huhitimisha kwamba basi yeye ni mbia mdogo, lakini ana kura nyingi katika kila ngazi, kwa hiyo uamuzi ni wake. Mgawo wa faida na udhibiti ni mambo mawili tofauti.

Ukikwama njiani, tafuta hesabu zilizokaguliwa. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 24, kinaitaka kampuni itaje kampuni mama na mdhibiti wa juu kabisa, kwa kawaida katika maelezo ya mwishomwisho. Kisha anzia juu: ripoti ya mwaka ya kampuni iliyo kwenye soko la hisa mara nyingi huorodhesha kampuni tanzu. Majina yakikutana katikati, mnyororo umethibitika.

Ukifika kwenye amana ya kifamilia, yaani mali inayoshikwa na wadhamini kwa faida ya familia, au wakala anayeshika hisa kwa niaba ya mwingine, andika kwamba umeishia hapo. Anwani moja au mkurugenzi mmoja wa pamoja havithibitishi umiliki, maana ofisi moja ya mawakala huhudumia mamia ya kampuni zisizohusiana.