Kokaethilini: sumu inayoundwa na ini pale kokeini inapokutana na pombe

Watu wengi wanapochanganya vilevi hudhani kwamba mwilini kila kimoja hufuata njia yake, na kwamba madhara yake ni jumla tu ya madhara ya viwili hivyo. Kwa baadhi ya michanganyiko dhana hiyo haiko mbali sana na ukweli. Kokeini na pombe ni jambo jingine, kwa sababu katika damu ya mtu aliyetumia vyote viwili, sisi tunaofanya uchunguzi wa sumu maabara hukuta kitu cha tatu ambacho yeye hakukinunua, hakukinusa wala hakukinywa. Kitu hicho huitwa kokaethilini, na kiwanda chake ni ini.

Ili kuelewa kinavyoundwa, inabidi kwanza kujua namna ini linavyoiondoa kokeini peke yake. Kwenye seli za ini kuna kimeng'enya kiitwacho kaboksilesterasi 1, ambacho hushika molekuli ya kokeini na kukata kundi dogo la methili lililo pembeni yake. Kipande hicho hutoka kikiwa methanoli, kwa kiasi kidogo mno kisichoweza kumdhuru mtu, na sehemu kubwa iliyobaki hukaa kwa kitambo imeng'ang'ania kwenye kimeng'enya hadi molekuli ya maji ije kuibandua. Kinachotoka hapo huitwa benzoilekgonini, ambacho hakina tena nguvu ya kulevya na hutolewa kwa mkojo katika siku chache zinazofuata. Ndicho ambacho vipimo vya kawaida vya mkojo vimetengenezwa kukinasa.

Pombe inapokuwepo, hatua ya mwisho hubadilika. Mahali ambapo maji yangeingia, huingia ethanoli, ile pombe yenyewe iliyomo ndani ya bia, konyagi au gongo. Badala ya molekuli kubanduliwa ikiwa imekufa nguvu, hubanduliwa ikiwa imevishwa kundi la ethili pale palipokuwa na methili. Tofauti kati ya kokeini na kokaethilini ni atomi moja ya kaboni na mbili za haidrojeni tu, na kwa sababu hiyo kitu kipya bado kinapenya kwenye ubongo na kushikamana na visafirishaji vya dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta hisia za raha, karibu sawasawa na kokeini. Kimeng'enya ambacho kazi yake ilikuwa kuizima dawa sasa kinatengeneza dawa nyingine.

Katika majaribio yaliyofanywa kwa watu waliojitolea, ambao walikunywa pombe ya kutosha kisha wakapewa kokeini kwa njia ya mshipa, takriban asilimia 17 ya kokeini iligeuka kuwa kokaethilini. Lakini kuna athari ya pili ambayo husahauliwa: kwa kuwa pombe huziba njia ya kawaida ya uvunjaji, kokeini yenyewe hubaki nyingi zaidi katika damu. Mfuatano nao una uzito wake. Aliyekunywa kabla ya kunusa huathirika zaidi kuliko aliyenusa kwanza akanywa baadaye, kwa kuwa ini lake tayari limejaa ethanoli wakati kokeini inapofika.

Tuchukue mtu wa mfano anayeanza kunywa saa 2 usiku, na ikifika saa 4 damu yake ina miligramu 120 za pombe katika kila mililita 100. Wakati huo ananusa kokeini. Tuseme kiwango cha kokeini kinafika kileleni saa 5, kisha kinapungua kwa nusu karibu kila saa moja, hivyo saa 9 usiku imebaki sehemu ya 16 tu ya kile kilele. Kokaethilini huchelewa kupanda. Tuiweke kileleni saa 6. Nusu yake huhitaji kati ya saa 2 na saa 2 na nusu kuondoka, kwa hiyo saa ile ile 9 usiku bado imebaki zaidi ya theluthi. Pombe nayo, ikiwa hakuongeza hata glasi moja na mwili wake unaondoa miligramu 15 kwa saa, imebaki takriban miligramu 45. Anahisi kwamba kokeini imeisha, na kwa hesabu ya kokeini peke yake hajakosea, ila akinusa tena anaongeza juu ya kitu ambacho hakijaondoka, huku ini likiwa bado na malighafi ya kutengeneza kingine.

Hapa nataka kuwa mwangalifu, maana mtandaoni kokaethilini huelezwa kana kwamba ni sumu kali kuliko kokeini kwa mizani yoyote. Watu waliojitolea walipopewa kokaethilini tupu kwa kipimo sawa na cha kokeini, mapigo ya moyo hayakupanda zaidi ya yale ya kokeini. Kwa panya, kwa upande mwingine, kipimo kinachoua ni kidogo kuliko cha kokeini. Kwa maoni yangu hatari kwa binadamu iko zaidi katika kurundikana na kudumu: moyo unasukumwa na vitu viwili kwa wakati mmoja, na kimoja kinaendelea baada ya kingine kunyamaza. Zaidi ya hayo, vyote viwili huziba njia za sodiamu kwenye misuli ya moyo, yaani milango midogo inayopitisha umeme wa moyo, na uzibaji wa kokaethilini una nguvu zaidi. Daktari huliona jambo hilo kwenye karatasi ya umeme wa moyo pale alama ya kusinyaa kwa ventrikali inapotanuka na kupita sekunde 0.12, na tiba yake ni sodiamu bikaboneti kupitia mshipani. Dawa mahususi ya kuiondoa kokaethilini haipo, kwa hiyo mgonjwa aliyechanganya anahitaji kuangaliwa kwa saa nyingi kuliko ambazo kokeini peke yake ingedai.

Kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli, vitu hivi viwili hutenganishwa bila shida. Kokeini huonekana kwenye 304 na ikivunjwa hutoa kipande cha 182. Kokaethilini huonekana kwenye 318 na hutoa 196. Shida iko kwenye chupa ya damu. Utegili wa damu una kimeng'enya kingine kinachoendelea kuila kokeini hata baada ya damu kutolewa, na damu iliyokaa mezani kwenye joto bila kihifadhi inaweza kuleta majibu ya chini kuliko ukweli. Ndiyo maana tunaomba chupa yenye kifuniko cha kijivu, iliyotiwa sodiamu floraidi, na iwekwe kwenye baridi mara moja.

Katika kusoma majibu, kutokuwepo kwa kokaethilini katika damu yenye kokeini na pombe pia kuna maana. Mtu anaweza kuwa amefariki muda mfupi mno baada ya kunusa, kabla ini halijapata nafasi ya kufanya kazi. Kwa mwili uliokaa muda kabla ya kupatikana, bakteria huweza kuzalisha ethanoli baada ya kifo, na mpimaji hubaki akijiuliza kama marehemu alikunywa kweli. Kokaethilini ikionekana kwa kiasi cha kutosha, ni ushahidi mzuri kwamba pombe ilipita kwenye ini lililokuwa hai, ingawa haisemi alikunywa kiasi gani wala saa ngapi.