Hifadhidata haikai barazani: dhana potofu kuhusu DMZ katika ofisi ndogo

Juzi nilikuwa Eneo la Viwanda, kwenye kampuni inayosambaza vipuri vya magari: kompyuta kama 35, na chumba cha seva ambacho pia ndimo ndoo na fagio zinamolala. Mwenye kampuni anataka wateja wake wa Nakuru na Mombasa waagize mali kupitia tovuti na kulipa kwa M-Pesa. Kijana wake wa kompyuta alikuwa ameuchora mpango ubaoni, na kwa kweli ulikuwa mpango nadhifu, mpaka akafika kwenye ile sentensi ambayo nimeisikia hadi masikio yameota sugu: "Tovuti haifanyi kazi bila hifadhidata, kwa hiyo zote mbili tunaziweka DMZ." DMZ ni kile kipande cha mtandao kinachotengwa na faiawoli kati ya intaneti na mtandao wa ndani wa ofisi.

Dhana: kila kinachotumiwa na tovuti kikae DMZ

Anayesema hivi anajiuliza nani anaihitaji hifadhidata. Mimi hujiuliza nani anaigonga. Kama pakiti ya kwanza inatumwa na mtu usiyemjua, aliye popote duniani, seva inayoipokea ikae DMZ. Kama inatumwa na seva yako mwenyewe au na mfanyakazi wako, inayoipokea ikae ndani. DMZ ni baraza ya nyumba: mgeni anapokelewa pale, anahudumiwa pale, na kinachohitajika kutoka ndani kinaletwa na mwenyeji. Hakuna anayehamishia kabati la nguo barazani kwa sababu wageni wanapenda kumwona amevaa vizuri.

Tuipitie orodha ya kampuni ile. Tovuti ya maagizo: anayeanza ni mteja wa Nakuru, basi DMZ. Programu inayopokea majibu ya malipo: mteja akishalipa, mitambo ya Safaricom ndiyo inayoanzisha mawasiliano kuja kwenye anwani ya HTTPS uliyoiandikisha Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, basi hiyo nayo DMZ, na inaweza kukaa kwenye mashine ileile ya tovuti. Lile ombi la kumtokezea mteja dirisha la PIN linakwenda upande wa pili, kutoka kwako kwenda kwao, kwa hiyo halihitaji mlango wa kuingilia. Hifadhidata: inagongwa na tovuti na watu wa stoo tu, basi ndani. Seva ya mafaili yenye mishahara, seva ya Active Directory, mashine ya alama za vidole: ndani, wala tusijadiliane. Barua pepe zao ziko Microsoft 365, hivyo hakuna seva ya barua ya kutafutiwa mahali. Ukihesabu, inayotoka nje ni seva moja.

"Lakini fundi, hifadhidata ikiwa ndani si lazima utoboe ukuta ili tovuti iifikie?" kijana akauliza.

Ni kweli, na hilo ndilo swali la kuuliza. Unatoboa tundu moja. Zikikaa pamoja DMZ, pakiti zinazopita kati yao zinaishia kwenye swichi na faiawoli haizioni kabisa. Aliyeivunja tovuti anaweza kuigonga hifadhidata kwenye poti yoyote: 5432 ya PostgreSQL, 22 ya usimamizi, na ile huduma mliyoiwasha mwaka juzi kwa majaribio mkaisahau. Hifadhidata ikiwa ndani, anabakiwa na poti moja.

Kwenye faiawoli ya Linux yenye miguu mitatu, `eth0` ikiwa intaneti, `eth1` DMZ na `eth2` ndani, kiini chake ni hiki:

```
chain forward {
  type filter hook forward priority 0; policy drop;
  ct state established,related accept
  iifname "eth0" oifname "eth1" ip daddr 172.16.20.10 tcp dport 443 accept
  iifname "eth1" oifname "eth2" ip saddr 172.16.20.10 ip daddr 192.168.10.5 tcp dport 5432 accept
  iifname "eth2" oifname "eth1" ip saddr 192.168.10.30 tcp dport 22 accept
  iifname "eth1" oifname "eth2" log prefix "DMZ-NDANI: "
}
```

Nimeacha mistari ya wafanyakazi kwenda intaneti. Angalia mwelekeo: dunia inaingia DMZ kwa 443 tu, tovuti inaingia ndani kwa 5432 tu na kwa mashine moja tu, na anayeisimamia tovuti anatoka ndani, kwenye kompyuta moja inayojulikana. Mstari wa mwisho hauruhusu kitu. Unaandika kila pakiti kutoka DMZ iliyojaribu kwingine huko ndani kabla haijatupwa. Huo ndio mstari ninaoupenda kuliko yote. Seva ya tovuti haina shughuli na poti 445 ya seva ya mafaili, kwa hiyo siku ukiona `DMZ-NDANI` ikielekea huko, achana na chai.

Angalia pia kisichokuwepo. Hakuna mstari wa `eth1` kwenda `eth0`. Watu wengi huziba njia ya kuingia, kisha wanaiachia seva ya DMZ itoke itakako. Mvamizi akishaingia kwenye tovuti, kitu cha pili anachofanya ni kuvuta vifaa vyake kutoka nje. Ruhusu seva itoke kwenda inakolazimika tu: DNS, hazina ya masasisho, na anwani za Daraja.

Sasa, tundu la 5432 lina hatari yake, na hapa ndipo ninapogombana na watengenezaji wa tovuti. Wao hupenda kuingia kwenye hifadhidata kwa akaunti ya `postgres` kwa sababu haiwasumbui. Akaunti hiyo ni mkuu wa mfumo, na kwenye PostgreSQL mkuu wa mfumo anaweza kuendesha amri za kompyuta yenyewe kwa `COPY ... FROM PROGRAM`. Maana yake, aliyeiteka tovuti ameshika ganda la amri kwenye mashine iliyo ndani, na amepitia kwenye tundu halali kabisa. Tengeneza akaunti inayosoma bidhaa na kuandika maagizo, basi. Hata hivyo, DMZ haitazuia tovuti yenye kasoro isimpe mwizi yale ambayo tovuti yenyewe inaruhusiwa kusoma. Kama namba za simu za wateja wote zinasomeka na tovuti, zinasomeka na mwizi wake. Ndiyo maana hesabu za mishahara hazikai kwenye hifadhidata ya maagizo, hata kama "ni meza mbili tatu tu".

Kuna jambo linaloharibu mpango huu wote, nalo huwa halipo kwenye mchoro. Mwaka mmoja mteja aliniita kwa sababu virusi vya kufunga mafaili vilikuwa vimefika kwenye seva ya uhasibu, na faiawoli haikuwa na alama yoyote ya kupitwa. Nilitumia asubuhi nzima kwenye kumbukumbu zake. Mchana nikaingia nyuma ya kabati na tochi ya simu, nikakuta seva ya tovuti ina kebo mbili: ya buluu kwenda DMZ, na ya manjano imekwenda moja kwa moja kwenye swichi ya ofisi. Mtu aliichomeka kwa sababu nakala rudufu za usiku zilikuwa zikichelewa kupita kwenye faiawoli. Seva yenye kadi mbili za mtandao hivyo ni daraja, na ukuta uliolipiwa unabaki pambo. Ukitaka kujua kama unayo, ingia kwenye seva ya DMZ uandike `ip -br addr`. Mbali na `lo`, ionyeshe anwani za mtandao mmoja tu. Nakala rudufu zivutwe na mashine ya ndani inayoanza yenyewe kwenda DMZ. DMZ isisukume kitu kuja ndani.

Mwisho wa kazi huwa nakaa kwenye seva ya DMZ yenyewe na kuugonga ukuta kutoka huko:

```
nc -zv -w 3 192.168.10.5 5432
nc -zv -w 3 192.168.10.5 22
nc -zv -w 3 192.168.10.8 445
```

Ya kwanza ifaulu. Mbili zilizobaki zikwame mpaka muda uishe. Ukipata `Connection refused` usishangilie: sera yetu ni kutupa pakiti kimyakimya, kwa hiyo jibu la kukataliwa, mara nyingi, limetoka kwa seva yenyewe iliyo ndani. Pakiti imeshavuka ukuta, ila imekuta hakuna anayesikiliza. Wengi huandika hapo "imezuiwa" na kwenda nyumbani.

Dhana: rauta yetu ina DMZ, tumeiwasha

Kile kitufe kwenye rauta ya nyumbani huchukua kila pakiti isiyo na mwenyewe na kuimwagia kompyuta moja, ambayo bado iko kwenye mtandao uleule na kompyuta za wafanyakazi. Umemvua nguo mmoja na kumrudisha katikati ya wenzake. Kizime.

Dhana: anwani tofauti ni mtandao tofauti

172.16.20 na 192.168.10 kwenye swichi moja isiyo na VLAN ni watu wawili chumba kimoja wenye majina tofauti. Aliyeiteka seva anajiongezea anwani ya upande wa pili na kuingia bila kupita kwenye faiawoli. Nunua swichi inayosimamiwa, au tenga swichi ndogo kwa DMZ peke yake. Kwa seva moja hata kebo moja kutoka faiawoli inatosha.

Dhana: bila faiawoli mbili hiyo si DMZ

Mbili ni bora ukiwa na mtu wa kuzitunza. Kampuni ya kompyuta 35 ina kijana mmoja anayetengeneza pia printa. Moja yenye miguu mitatu, inayosasishwa.

Dhana: seva ya DMZ iunganishwe na Active Directory ili nywila ziwe zilezile

Utafungua 53, 88, 135, 389, 445 na msururu wa kuanzia 49152 hadi 65535 kuelekea mashine inayoshika funguo za kampuni nzima. Seva moja ya tovuti inaweza kuwa na akaunti zake mbili.

Dhana: kinasa kamera kikae DMZ ili mkubwa aone stoo kwenye simu

Hiki kinakaribia kunishinda, maana anayekitaka ndiye anayelipa. Vinasa vingi havijawahi kusasishwa tangu siku vilipofungwa, na kukiweka mbele ya dunia nzima kwa ajili ya mtazamaji mmoja ni hesabu isiyoingia akilini. Anayetazama tunamjua, basi apite VPN. Nilimfungia mzee wa Eneo la Viwanda VPN ya WireGuard kwenye simu yake. Sasa anabonyeza mara mbili badala ya moja, ananung'unika kidogo, kisha anaangalia nani amefungua boksi la breki.