Lebo si folda: barua pepe za wateja na nani anajibu

Ndugu zangu, kuanzia Jumatatu sanduku letu la pamoja la Gmail lina lebo nne. BEI anajibu afisa mauzo, NYARAKA karani wa nyaraka, MZIGO msimamizi wa ghala, na DAI najibu mimi. Lebo inaonyesha kazi ambayo ujumbe bado unaidai. Kazi ikiisha, aliyeifanya anaitoa lebo yake.

Sasa hii kauli ya "nimeiweka kwenye folda ya NYARAKA" tuiache, maana ndiyo inayopoteza majibu. Folda ni kama rafu ya ghalani: gunia likiwa rafu hii, haliwezi kuwa rafu ile. Lebo ni alama tu, na ujumbe mmoja unaweza kubeba hata tatu. Ukibonyeza Move to, Gmail inaweka lebo lakini inautoa ujumbe Inbox, na wenzako wanaofungua asubuhi hawauoni. Bonyeza Label as: lebo inaingia, ujumbe unabaki palepale. Na kuondoa lebo hakufuti ujumbe, msiogope. Unaoufuta ndio unaokwenda Trash, na huko unakaa siku 30 tu.

Chukueni mnunuzi wa Tuticorin anayeandika mambo mawili kwa pamoja: rasimu ya hati ya shehena ina uzito wa kilo 16,200 wakati korosho ghafi ni magunia 200 ya kilo 80, yaani kilo 16,000, halafu anauliza bei ya kontena linalofuata. Ujumbe huo unapata NYARAKA na BEI. Kwenye folda ungeangukia upande mmoja, na upande wa pili ungesahaulika.

Anayemwandikia mteja ni mmoja: yule ambaye kazi yake ina muda mfupi zaidi. Hapa ni karani wa nyaraka, kwa sababu rasimu inasahihishwa kirahisi kabla meli haijaondoka Mtwara. Hati halisi ikishatolewa, wakala wa meli hudai nakala zote halisi zirudishwe na hutoza ada, na uzito usiolingana na cheti cha afya ya mimea unaweza kuzuia mzigo forodhani kule uendako. Afisa mauzo anampa karani bei iingie kwenye jibu hilohilo, kisha anaitoa lebo ya BEI. Bei ikichelewa, karani ajibu la uzito, aitoe lebo ya NYARAKA, na ya BEI ibaki. Asiyengoja ni meli, si mnunuzi.

La mwisho ni kufowadi. Lebo haisafiri na ujumbe. Ukiufowadi kwenye anwani ya mwenzako, kwake unafika mtupu, na akijibu kutoka huko jibu lake halionekani kwenye sanduku la pamoja. Matokeo yake mteja anajibiwa mara mbili, pengine kwa bei mbili. Ukimhitaji mwenzako, ongeza lebo yake hapohapo, atauona.