Ukinunua puti au ukiuza koli juu ya hisa zako, unabaki na nini mkataba ukiisha?

*"Nina hisa 100 za kampuni ya Marekani. Rafiki mmoja ananishauri ninunue puti nijikinge, mwingine anasema niuze koli nijipatie hela. Siku mkataba unapoisha, kipi kitaniacha pazuri?"*

Inategemea hisa itafunga kwa bei gani siku hiyo, na hilo linaweza kupigiwa hesabu kabla hujaingia. Tuseme hisa ilinunuliwa kwa dola 50. Puti inakupa haki ya kuiuza kwa bei ya mapatano, hapa dola 48, hata kama sokoni imeporomoka. Haki hiyo unailipia dola 2 kwa kila hisa, na pesa hiyo huitwa primiamu. Koli ni haki ya kununua, na wewe ndiye unayemuuzia mwingine: unapokea dola 2, naye akitaka atachukua hisa yako kwa dola 55. Marekani mkataba mmoja kwa kawaida hubeba hisa 100, kwa hiyo dola 2 ni dola 200 halisi, ukiacha ada za dalali.

Anza na puti. Hisa ikifunga dola 40, puti ina thamani ya dola 8, maana inakuruhusu kuuza kwa 48 kitu cha 40. Hisa na puti kwa pamoja ni dola 48. Ikifunga 30, au hata kampuni ikifilisika kabisa, jumla inabaki 48 ileile. Ikifunga 65, puti haina kazi, unaitupa, na unabaki na hisa ya 65. Thamani siku ya mwisho basi ni bei ya hisa au 48, ile iliyo kubwa.

Wengi hukomea hapo wakadhani hasara yao haizidi dola 2, yaani 50 kutoa 48. Wanasahau primiamu. Mfukoni zimetoka dola 52, kwa hiyo faida ni

```
max(S, 48) - 52
```

S ikiwa bei ya kufunga. Hasara ya juu kabisa ni dola 4. Na hisa ikifunga 51, imepanda kweli, lakini wewe umepoteza dola 1. Kinga hii ni kama bima ya gari: mwaka ukipita bila ajali, hela ya bima hairudi.

Kwenye koli, hisa ikifunga 65, mnunuzi ataichukua kwa 55 na huna la kufanya. Ikifunga 40, hataigusa, nawe unabaki na hisa ya 40. Thamani ni bei ya hisa au 55, ile iliyo ndogo. Gharama yako imeshuka hadi 48 kwa sababu ulipokea primiamu, hivyo:

```
min(S, 55) - 48
```

Faida haivuki dola 7. Hisa ikifunga 65, mwenye hisa tupu ana faida ya 15, mwenye puti ana 13, wewe una 7. Ikifunga 53 unawashinda wote: una 5, wao wana 3 na 1. Koli humfaa mtu anayeamini hisa itatulia au itapanda polepole.

Ila huku chini ndiko ninakogombana na wanaoinadi koli kama "kipato salama". Hisa ikifunga 40, mwenye puti kapoteza dola 4, wewe umepoteza 8. Ikifika sifuri umepoteza 48. Zile dola 2 zimepunguza machungu kidogo tu. Hazikuweka sakafu yoyote.

Hata umbo la faida hii lina siri. Mtu asiye na hisa akiuza puti ya bei ya mapatano 55 na kupokea dola 7, faida yake haizidi 7, hapati faida wala hasara hisa ikifunga 48, na hisa ikifika sifuri anapoteza 48. Ni hesabu ileile, ukiacha riba na gawio. Aliyeshika hisa na kuuza koli amejiweka mahali pa muuza puti, yaani mtu anayewabebea wengine hatari ya anguko. Soko la Chikago la opsheni, yaani mikataba ya aina ya puti na koli, lilipofunguliwa Aprili 1973 liliuza koli peke yake, puti zikaingia 1977. Kwa miaka hiyo yote, wauza koli wenye hisa walikuwa wakifanya pale kazi ya muuza puti kabla puti yenyewe haijafika sokoni.