“Husika na kichwa cha habari hapo juu”: barua pepe ya mhitimu kwa wakala wa ajira

Jumatatu asubuhi nikifungua kompyuta nakuta barua pepe thelathini na kitu kutoka kwa watu nisiowafahamu. Nyingi ni za vijana waliomaliza chuo juzi, na nyingi zina kichwa kilekile kwa herufi kubwa: MAOMBI YA KAZI. Nipo kwenye ofisi ndogo ya wakala wa ajira hapa Dar, na dawati langu ni la uhasibu na stoo. Leo nataka niichukue barua moja tu kati ya hizo na kuifumua mshono kwa mshono.

Kabla ya hapo, mjue kwanza kazi yangu inavyokwenda, maana wengi wananiandikia “Ndugu Mwajiri” na mimi sina wa kumwajiri. Kampuni ikipata nafasi inanipigia, inanieleza inataka mtu wa namna gani, nami namtafuta. Anayenilipa ni kampuni. (Ukikutana na wakala anayekudai hela ya fomu hata usaili hujauona, funga pochi yako uondoke.) Maana yake ni kwamba siku barua yako inapoingia, mara nyingi sina nafasi inayokufaa. Naitupia jicho sekunde chache, naiacha ilale. Inakuja kusomwa kweli siku nyingine kabisa, mteja akishapiga simu, mimi nikiwa naandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia. Kama maneno ninayoyaandika hayamo ndani ya barua yako, haitokei, hata kama wewe ndiye niliyekuwa nakuhitaji.

Sasa barua yenyewe. Iliandikwa na binti aliyemaliza shahada ya uhasibu; ameniruhusu niitumie, jina nimeliacha. Aliiandika kwa Kiingereza, kama barua nyingi za kazi za hapa mjini, lakini kila aliyesoma sekondari zetu ataitambua hata nikiigeuza:

“Ndugu Mwajiri, husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24, mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi katika mazingira yoyote bila kusimamiwa. Nimehitimu shahada ya uhasibu. Naomba nafasi yoyote ya kazi katika kampuni yako. Nimeambatanisha vyeti vyangu. Natumaini ombi langu litapokelewa. Wako katika ujenzi wa taifa.”

Chini yake kulikuwa na viambatanisho saba, vyote vimepigwa picha kwa simu: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, transkripti, barua ya mtendaji wa mtaa, kitambulisho cha NIDA pande zote mbili, na wasifu. Kwenye orodha ya wapokeaji niliona anwani za ofisi nyingine kumi na nne, tumepangwa kama abiria wa daladala.

Hakuna uongo hata mmoja humo, na hakuna cha kushika pia. “Mchapakazi” siwezi kulitafuta, kwa sababu kila mtu ameliandika. “Nafasi yoyote” inanipa mimi kazi ya kukuamulia wewe unafaa wapi. Kitambulisho cha NIDA sikihitaji mpaka siku ya mkataba, na ukikisambaza kwa watu kumi na watano usiowajua hujui kitaishia wapi. Wasifu uliopigwa picha mfumo wetu hauusomi. Kwake ni karatasi yenye madoa.

Kilichonifanya nimpigie ni mstari mmoja ndani ya wasifu, wa tano kutoka chini: “Mafunzo kwa vitendo, wiki 8, duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Morogoro.” Duka la vifaa vya ujenzi lina mizigo, wauzaji wengi, risiti nyingi. Nikamuuliza alikuwa anafanya nini huko fildi.

“Mambo ya uhasibu tu, dada. Kusaidia saidia.”

“Jumatatu ukifika, unakaa wapi, unapewa nini mkononi?”

Akanyamaza kidogo. “Nilipewa boksi la risiti.”

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Boksi lilikuwa na risiti za manunuzi za miezi mitatu, kama mia sita na arobaini, na kazi yake ilikuwa kulinganisha kila risiti na daftari la manunuzi kwenye Excel kabla bosi hajawasilisha ritani ya VAT, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa asiye mhasibu: duka likinunua saruji linalipa VAT ya asilimia 18 kwa muuzaji, halafu linaitoa kwenye VAT linayodaiwa na TRA, ilimradi lina risiti halali ya EFD yenye TIN yake. Risiti ikikosa hiyo TIN, hela ya kodi imelala. Alikuta 37 zenye kasoro, nyingine zimeandikwa kwa mkono tu, nyingine zimetoka mashineni bila TIN ya duka. Akaziorodhesha kwa muuzaji, bosi akampigia kila mmoja.

“Mbona hukuandika?”

“Nilidhani siyo uzoefu. Ilikuwa fildi tu.”

Hili nalisikia kila wiki. Mhitimu anadhani uzoefu ni ule wenye mshahara na barua ya ajira, kwa hiyo anajaza nafasi na sifa za tabia. Mteja wangu anayetafuta karani wa hesabu hahitaji mtu aliyeongoza idara. Anataka kujua kama huyu mtu amewahi kukaa na boksi la risiti mpaka likaisha.

Nikamwambia aandike upya, na siku mbili baadaye ikaja hii. Kichwa kwanza:

`Mhasibu mhitimu, risiti za EFD na VAT, Excel, Morogoro/Dar, kuanzia Julai`

Simu yangu inaonyesha maneno matano au sita ya mwanzo, na hayo yote yalikuwa ya kazi. Halafu barua:

“Habari za kazi, Dada. Nimehitimu shahada ya uhasibu mwaka huu na sijawahi kuajiriwa. Katika wiki 8 za fildi kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi Morogoro, nililinganisha risiti takriban 640 za manunuzi na daftari kwenye Excel kwa ajili ya ritani ya VAT, nikabaini 37 zisizo za EFD au zisizo na TIN ya duka. Sijawahi kuwasilisha ritani mwenyewe. Nilimwangalia msimamizi akifanya. Nimejisajili mitihani ya NBAA ya Novemba. Naomba kujua: kwa nafasi za karani wa hesabu unazopokea, wateja wako wanahitaji programu gani ya uhasibu zaidi ya Excel? Wasifu wa ukurasa mmoja nimeuambatanisha. Naweza kuanza Julai, Dar au Morogoro.” Kisha jina na namba ya simu.

Angalieni sentensi ya “sijawahi kuwasilisha ritani mwenyewe”. Yeye alitaka kuifuta, mimi nikamkatalia. Mtu akikuambia mwenyewe mahali ujuzi wake unapoishia, ile 640 unaiamini. Bila hiyo ningemhisi kama wale wanaoandika “nilisimamia kodi ya kampuni” baada ya wiki nane, na kwenye usaili wakiulizwa swali la pili wanatoa jasho.

Na swali lake. Hakuomba kazi wala “nafasi ya kuonana”. Aliuliza kitu ninachoweza kujibu nikiwa kwenye foleni ya benki. Nilimjibu kwa mistari miwili, na ile kujibu tu ikamfanya jina lake libaki kichwani. Swali liwe la kweli lakini. Ukiuliza “unanishauri nini kuhusu maisha ya kazi?” sitajibu, siyo kwa dharau, nitakosa pa kuanzia.

Kuhusu salamu, mnaniuliza sana. “Shikamoo” haijaniudhi hata siku moja, ila kama hunijui umri unaweza ukamwamkia mdogo wako. “Habari za kazi” inatosha, na “Ndugu” ikifuatiwa na jina haijawahi kumkosea mtu. Jina langu lipo kwenye tovuti ya ofisi, aliyelitafuta namwona.

Kuna tahadhari moja. Ukishaambiwa uonyeshe ulichofanya, usikimbilie kuambatanisha kazi yenyewe. Kijana mmoja aliniletea jedwali la mishahara la kampuni aliyofanyia fildi, majina na viwango vyote, kama ushahidi kwamba anajua Excel. Ni kweli anajua. Sikumpeleka popote, kwa sababu mteja wangu naye ana mishahara. Eleza kazi kwa idadi na hatua, majina ya wateja na wauzaji yaache ulikoyakuta.

Ukiniandikia nami nikakaa kimya, subiri kama siku kumi hivi, kisha jibu juu ya barua yako ileile, usianzishe mpya, ili nikiifungua nione yote kwa pamoja. Sentensi mbili zinatosha, na moja iwe na jambo jipya. “Nakumbushia ombi langu” haina jipya. Binti huyu aliandika mara moja tu baadaye, kusema amejifunza ile programu niliyomtajia na ametengeneza humo vitabu vya mwezi mmoja vya duka la kubuni. Sikujibu, nilikuwa na wiki mbaya. Hakuandika tena.

Zikapita wiki kama kumi na moja. Mteja anayeagiza vigae kutoka nje akapiga simu akitaka karani wa manunuzi, haraka, mtu asiyeogopa risiti, mshahara wa kuanzia. Nikaandika:

```
EFD VAT has:attachment
```

Zikatokea barua chache, mbili tu za watu wasio na kazi wakati huo. Nikapiga namba iliyo kwenye wasifu wake, haipatikani. Alikuwa amebadilisha laini. Nikarudi kwenye ile barua ya pili, ya sentensi mbili, na chini ya jina lake kulikuwa na namba mpya. Akapokea akiwa kwenye basi, Msamvu, Morogoro. Nikamuuliza kama Jumatano saa nne asubuhi anaweza kuwa Dar, na kama bado anakumbuka zile 37.

“Kwa muuzaji au kwa mwezi?” akauliza.