Midomo kubanduka ukiwa kwenye aisotretinoini: maji ya kunywa hayatoshi

"Natumia vidonge vya chunusi vya aisotretinoini, midomo inabanduka na uso unavuta, nakunywa maji kibao lakini wapi. Nisugue hayo magamba yatoke?"

Usisugue aisee. Maji kunywa tu ukisikia kiu, ila hayafiki pale yanapotakiwa, maana hii dawa inasinyaza tezi za mafuta na kuifanya ngozi ya juu iwe nyembamba, kwa hiyo unyevu unatoroka kwa nje hata kama tumbo limejaa maji. Na mdomo ndo kabisa, wenyewe hauna tezi za kutosha toka mwanzo, ndo maana karibu kila mtu huanzia hapo.

Kinachosaidia ni kuziba. Lowesha midomo kidogo, usiifute ikakauka, halafu paka vaselini ya kawaida isiyo na manukato wala mentholi (ule ubaridi unachoma tu), rudia kila ukila na tabaka nene ukienda kulala. Gamba likining'inia likate na mkasi mdogo safi, ukilivuta linaondoka na ngozi nzima na damu juu. Uso nao nawa na sabuni laini, paka losheni ukiwa bado na majimaji, na zile krimu za chunusi za zamani weka pembeni mpaka daktari aseme.

Ila pembe za mdomo zikipasuka na kutoa ukoko wa njano, hiyo inaweza kuwa bakteria, vaselini haitibu, mwoneshe daktari. Akiona ukavu umezidi anaweza kupunguza dozi, usijipunguzie mwenyewe.