Chagua biashara kwa hasara yake: hesabu ya familia moja ya Malindi

Watu wengi wanaokuja kwangu Malindi kuomba ushauri huanza na faida: biashara gani inalipa? Mwenzao anayeogopa, mara nyingi mama au mavyaa, ana swali jingine: tukifunga, tutarudi na shilingi ngapi? Mimi huanza na la huyo wa pili, kwa sababu lina jibu linaloweza kuandikwa kabla ya kuanza. Faida ya mwezi wa nne hakuna aijuaye. Bei ya rafu zilizotumika miezi minne unaweza kwenda kwa fundi ukaiuliza leo.

Nitaeleza kwa familia moja ya mtaa wa Barani. Tarakimu nimezibadilisha kidogo wasitambulike. Mume ana tuktuk, mke alitaka kufungua duka la madera na mitandio, na akiba ya nyumba ilikuwa shilingi 200,000. Mavyaa wanaishi naye, na alikuwa amekataa kabisa.

Kabla ya kutaja biashara yoyote, tulitenga fedha isiyoguswa. Kuna kanuni ya kuweka kando matumizi ya miezi sita, lakini mimi huhesabu kwa msimu, kwa sababu pwani yetu kipato hakipungui miezi yote sawasawa. Nyumba hii hutumia 30,000 kwa mwezi. Wageni wakiwepo tuktuk inaleta 35,000, na kuanzia Aprili hadi Julai inashuka hadi 18,000 hivi. Pengo ni 12,000 kwa mwezi, kwa miezi minne 48,000. Tukaongeza karo ya 32,000 na 30,000 ya ugonjwa. Jumla ni 110,000, ikabaki kwenye akaunti ya pamoja inayotaka sahihi mbili, ya mke na ya mume. Dhahabu ya mke haikuingizwa kwenye hesabu, na siku zote nashauri isiingizwe.

Zikabaki 90,000. Hapo ndipo wengi hukosea, wakadhani zote ni mtaji. Nilimgeukia mavyaa nikamuuliza: kati ya hizi, ni kiasi gani kikipotea chote nyumba hii itaendelea kulala kwa amani? Alifikiri kwa muda mrefu, akasema 30,000. Nikamuuliza pia nini hasa kinachomtia hofu.

"Mwanangu, mie biashara siiogopi," akasema. "Naogopa madeni ya watu. Niliuza leso miaka, nikamaliza mzigo wote, na pesa sikuiona."

Jibu hilo lilikuwa na faida kuliko tarakimu nyingi nilizokuwa nazo. Hofu ya mzee mara nyingi ni kumbukumbu ya hasara fulani, na hasara hiyo ukiijua unajua pa kuziba. Nguo mtaani huuzwa kwa kukopeshana. Ukikataa kukopesha, wateja wa dera wanahamia kwa jirani. Kwa hiyo duka la mkamwana wake lilikuwa linaelekea palepale alipoumia.

Tukalipima duka hilo kwa kulifunga kwenye karatasi mwezi wa nne. Rafu na rangi zinagharimu 20,000, na rafu zikiuzwa zinarudisha 6,000: hasara 14,000. Mzigo ni wa 55,000. Tukikadiria kwamba 30,000 bado haijatoka na inauzwa nusu bei, 15,000 imekwenda. Kodi ni 7,000 kwa mwezi, miezi minne 28,000, na nguo zilizouzwa zimetoa faida ya 10,000 tu, kwa hiyo 18,000 nyingine imetoka mfukoni. Jumla 47,000, na bado hatujahesabu deni hata moja. Duka limevuka mpaka wa mavyaa kwa mbali.

Mume akapendekeza friza ya samaki barazani, bila kodi. Friza iliyotumika ni 30,000 na inauzika tena kwa 22,000, hasara 8,000. Umeme wa miezi minne usiolipwa na mauzo, 10,000. Mzigo mmoja kuharibika umeme ukipotea, 9,000. Jumla ni 27,000. Imo ndani ya mpaka, na wote walifurahi.

Mimi sikufurahi, na nataka hapa unielewe vizuri. Kusi ikivuma bahari inachafuka, vyombo vidogo havitoki, samaki wanaadimika na bei inapanda. Miezi ya mwanzo ya kusi ndiyo hiyohiyo ambayo tuktuk haina wageni. Friza ingekosa mzigo wakati nyumba inakosa kipato, na akiba ya 110,000 tuliyoihesabia pengo moja ingebeba mapengo mawili. Biashara mbili zinazoshuka mwezi mmoja, kwa nyumba hiyo, ni kama biashara moja. Kosa hili naliona sana Malindi na Lamu pia: mume ni nahodha wa mashua ya wageni, mke anafungua duka la vinyago. Wageni wakikosekana, wote wawili wanakaa.

Kwa hiyo tukatafuta kitu ambacho mwenyeji hununua hata mwezi wa Mei. Mke anapika vizuri, na pale kwenye kona ya mtaa wanapita wanafunzi, mafundi na watu wa bodaboda. Mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai na bajia jioni. Vyombo, meza na jiko vilichukua 22,000, na vikiuzwa vinarudisha 12,000. Ukiongeza vyakula vya majaribio vya 6,000, hasara kubwa ni 16,000.

Faida yake ni ndogo, lazima niseme. Kwa bei alizozikuta, pakiti ya unga ya kilo 2 ilitoa mahamri 50 hivi ya shilingi 10, na baada ya unga, nazi, sukari, mafuta na moto ilibaki kama 130. Mbaazi ndizo zilizobeba meza: kilo moja kwa nazi ilitoa sahani 16 za shilingi 30, ikabaki 180. Anayeuza mahamri matupu anachoka bure. Ramadhani asubuhi haina mauzo kabisa, na kazi yote inahamia alasiri, kwenye bajia, sambusa na kaimati za kufuturia. Hili liwekwe kwenye mpango mapema.

Dalili za kuharibika hazionekani kwenye wingi wa wateja. Meza inaweza kujaa watu huku mtaji unaliwa: watoto wamekula mahamri, jirani amechukua mbaazi za deni, vocha imenunuliwa kwa pesa ya unga. Ndiyo maana mauzo ya simu yanaingia Pochi la Biashara, si kwenye laini ya nyumbani, na chakula cha nyumba kinalipiwa. Kila Jumamosi mke anajumlisha vitu vitatu kwenye daftari: pesa iliyopo, unga na vyakula vilivyobaki, na bei ambayo vyombo vingeuzwa siku hiyo. Madeni hayaingizwi. Jumla ikishuka wiki tatu mfululizo, wanakaa kutafuta inapovuja. Hasara, pamoja na pesa yoyote waliyoongeza baadaye, ikifika ule mpaka wa 30,000, wanafunga, bila mjadala mwingine.

Daftari linashikwa na mavyaa. Yeye ndiye aliyeweka sharti la kutokopesha, na mteja akiomba deni, mkamwana anamwelekeza kwake.

Friza haijafutwa. Wamekubaliana kuizungumzia Novemba, kaskazi ikianza na samaki wakiwa wengi, kwa masharti mawili: inunuliwe kwa faida ya mapishi, na ile 110,000 iwe haijaguswa.